Kwa nini chaneli haionekani hata jina lake likiandikwa sawasawa

Dada mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, anayepika mkate wa kumimina na vitumbua vya kuagizwa, alifungua chaneli ya YouTube akaiita "Mapishi ya Kwetu". Baada ya wiki tatu alinijia na simu mkononi, akasema, "Kaka, wateja wanaandika jina langu herufi kwa herufi na hawanioni. Nikitafuta mimi mwenyewe, ninajiona." Alikuwa na hakika kwamba chaneli yake imefungiwa. Haikuwa imefungiwa, na kisa chake kinaeleza vizuri jambo ambalo watu wengi hulichanganya: chaneli kuwepo ni jambo moja, na chaneli kuonekana katika matokeo ya utafutaji ni jambo jingine.

Tunapoandika jina katika kisanduku cha kutafutia tunadhani tunafungua daftari la majina, kama mwalimu anavyoita mahudhurio, kwamba jina likitajwa mwenyewe ataitikia. Utafutaji wa YouTube haufanyi kazi hivyo. Maneno yaliyoandikwa huchukuliwa kuwa ni swali, na mtambo hujiuliza ni video au chaneli ipi inaelekea zaidi kumridhisha mtu aliyeandika maneno hayo. Kwa mujibu wa maelezo ya YouTube yenyewe, mambo makuu yanayopimwa ni jinsi kichwa, maelezo na maudhui ya video yanavyolingana na maneno yaliyoandikwa, jinsi watazamaji waliotangulia walivyoipokea video hiyo walipotafuta jambo kama hilo, na ubora wa chanzo chake. Jina la chaneli ni sehemu ya ulinganifu huo, lakini halina haki ya kukaa juu kwa sababu tu limeandikwa bila kosa.

Sasa tulitazame jina la yule dada. "Mapishi" ni neno linaloandikwa na kila anayetafuta namna ya kupika, na "ya kwetu" ni maneno ya kawaida yasiyomtofautisha yeyote. Mtu akiandika "mapishi ya kwetu", mtambo hauna namna ya kujua kwamba anamtaka mpishi fulani wa Ngamiani. Unaona mtu anayetaka mapishi, nao unamletea video za mapishi zilizokwisha kutazamwa na watu wengi. Isitoshe, jina la chaneli si mali ya mtu mmoja, kwa kuwa YouTube inaruhusu chaneli nyingi ziwe na jina lile lile. Ni kama mtu ashuke stendi aulizie nyumba ya Mama Asha wa Ngamiani bila kutaja barabara: ataonyeshwa Mama Asha anayejulikana zaidi, si yule aliyemkusudia.

Kinachofanya kazi ya namba ya barabara ni lile jina la kipekee linaloanza na alama ya @, ambalo YouTube ililileta mwezi wa Oktoba 2022. Hilo haliwezi kumilikiwa na chaneli mbili. Ndiyo maana hatua ya kwanza ya uchunguzi ni kuacha kutafuta na badala yake kuandika anwani kamili katika kivinjari:

```
youtube.com/@jina_la_kipekee
```

Ukurasa ukifunguka, chaneli ipo na haijafutwa. Usipofunguka, ama jina hilo limekosewa, ama chaneli imeondolewa, na hapo hakuna haja ya kuhangaika na mpangilio wa matokeo. Ukurasa wa yule dada ulifunguka mara moja.

Hatua ya pili ni kutafuta lile jina la kawaida, kisha kutumia kichujio cha matokeo na kuchagua chaneli peke yake, ili video ziondoke njiani. Hatua hii ndiyo inayotenganisha matatizo mawili yanayofanana kwa nje. Chaneli ikionekana baada ya kuchuja, hata kama ni chini sana, maana yake mtambo unaifahamu ila umeipa nafasi ya nyuma. Isipoonekana kabisa, huenda bado haijaingia katika faharasa, yaani ile orodha ambayo mtambo huisoma unapotafuta. Chaneli mpya huchelewa kuingia humo, na chaneli isiyo na video yoyote ya wazi haina cha kulinganishwa na swali la mtu. Utafutaji wenyewe ufanywe katika dirisha la faragha, bila kuingia katika akaunti, kwa sababu historia ya mtu ya kutazama na kutafuta inaweza kubadilisha anachoonyeshwa. Hilo ndilo lililomfanya dada yule ajione kwenye simu yake ilhali wateja hawamwoni.

Tulipochuja, chaneli yake ilitokea, lakini baada ya kuteremsha ukurasa kwa muda mrefu. Nikamwomba afungue orodha ya video zake. Zilikuwa 11, na 8 kati ya hizo alikuwa ameziweka katika hali ya kutoorodheshwa, kwa sababu alikuwa akiwatumia wateja viungo vyake kwa WhatsApp na aliona hilo linatosha. Video ya namna hiyo hufunguka kwa mwenye kiungo, lakini haitokei katika utafutaji wala katika ukurasa wa chaneli kwa wageni. Zile 3 zilizobaki wazi zilikuwa na vichwa kama "Leo" na "Sehemu ya 2". Kwa hiyo mtambo ulikuwa na chaneli iitwayo Mapishi ya Kwetu isiyo na neno hata moja la mapishi katika video zake za wazi.

Palikuwa na jambo la tatu, nalo huwapata wengi wanaokata tamaa mapema. Alikuwa amebadilisha jina mara mbili ndani ya wiki moja, na mara mbili ndiyo idadi inayoruhusiwa katika siku 14. Jina jipya huchukua siku kadhaa kuenea kila mahali. Mtu akilibadilisha tena kabla ya hapo, anaanza kusubiri upya.

Majina ya kubuni yasiyo ya kawaida yana shida yake tofauti. Mtambo unaweza kudhani mwandishi amekosea na kumletea matokeo ya neno jingine linalofanana. Dalili yake ni mstari mdogo juu ya matokeo unaotaja neno lililotumika badala ya lile aliloandika, pamoja na kiungo cha kurudia neno lake. Mstari huo usipuuzwe.

Kuna vijana waliomwambia wangemweka juu kwa malipo, nami nilimsihi asitoe hata shilingi. YouTube imesema wazi kwamba haipokei fedha ili kumpandisha mtu katika matokeo ya kawaida. Matangazo ya kulipia yapo, lakini huwekewa alama ya kuonyesha kwamba ni matangazo.

Alichofanya ni kuziweka wazi kwa wote zile video 8, kuandika vichwa vinavyotaja chakula chenyewe, na kusubiri siku 14 zipite ndipo akaongeza neno "Ngamiani" mwishoni mwa jina. Wateja aliwapa lile jina lenye @, akaliandika pia kwenye vifungashio vya vitumbua. Baada ya muda, mtu aliyeandika "Mapishi ya Kwetu Ngamiani" katika simu ngeni aliiona chaneli yake juu kabisa. Anayeandika "Mapishi ya Kwetu" peke yake bado analetewa video za wapishi wengine.