Kina cha kiti cha kulia chakula, na kwa nini egemeo hukosa kazi

Kina cha kiti ni umbali kutoka ukingo wa mbele wa sehemu ya kukalia hadi pale mgongo wako unapogusa egemeo. Huishia mgongo unapogusa, wala si pale ubao unapokomea, na tofauti hiyo ni kubwa. Kiti chenye ubao wa inchi 20 na egemeo la sponji nene linalokuja mbele kinaweza kukubakishia inchi 17 tu za kukalia. Kingine chenye ubao uleule, lakini egemeo lake ni fito nyembamba, kinabaki na karibu inchi 20 zote. Ukiviangalia dukani vinafanana. Ukivikalia kwenye chakula cha Jumapili kinachoanza saa saba na kuishia saa tisa, ni viti viwili tofauti kabisa.

Kipimo hiki ndicho kinachoamua kama egemeo litafanya kazi au litabaki pambo. Kina kikizidi urefu wa paja, ukingo wa mbele humgusa mtu nyuma ya goti kabla mgongo wake haujafika kwenye egemeo. Nyuma ya goti hupita mishipa ya damu na ya fahamu, na hapo hakuna nyama nyingi ya kuikinga, kwa hiyo ukingo ukibana kwa muda mguu huanza kufa ganzi. Mwili hauingoji ganzi. Mtu husogea mbele bila kujua, akakaa ukingoni mwa kiti, na akitaka kujiegemeza baada ya kula, mabega ndiyo yanayofika kwenye egemeo huku kiuno kikiwa hewani. Ukimwona mgeni anateleza mbele kisha anajivuta nyuma kila baada ya dakika chache, angalia kina cha kiti chake kwanza.

Kina kikiwa kifupi mno, tuseme inchi 13 au 14, paja hukosa pa kulala na uzito wote huangukia mifupa ya makalio. Kwa kikombe cha chai hakuna tabu. Kwa futari inayochukua saa mbili, mtu atakuwa anabadilisha upande wa kukalia muda wote.

Kujua kina kinachokufaa ni kazi ya futikamba na ukuta. Kaa kwenye benchi lililosukumwa ukutani, makalio yaguse ukuta, nyayo ziguse sakafu. Mtu mwingine apime kutoka ukutani hadi nyuma ya goti lako. Toa sentimita 4 au 5, yaani nafasi ya vidole vitatu hivi. Inayobaki ndiyo kina chako.

Tuchukue nyumba ya watu sita wanaotaka viti vinavyofanana. Bibi amepimwa akapata sentimita 44, na baba, ambaye ndiye mrefu kuliko wote, 51. Ukitoa 5, bibi anahitaji kina cha 39 na baba 46. Wengi wangechagua katikati, 42 na nusu, lakini mimi nisingefanya hivyo. Mtu mrefu kwenye kiti chenye kina kifupi kidogo hukosa tu sentimita chache za kuegeshea paja, na mgongo wake bado unafika kwenye egemeo. Mtu mfupi kwenye kiti chenye kina kirefu hupoteza egemeo lote. Ningemwambia fundi apige inchi 16, ambazo ni karibu sentimita 41, na ukingo wa mbele auviringishe kwa randa na msasa usibaki na kona kali. Bibi anabakiwa na nafasi ya vidole viwili nyuma ya goti, na baba anakosa kidogo tu.

Kama viti vimeshanunuliwa na vina sentimita 48, dawa ni mto wa mgongoni. Usijaribu kukitibu kwa mto wa kukalia. Mto wa kukalia hauondoi hata sentimita moja ya kina, ila unakupandisha juu. Meza nyingi zina urefu wa sentimita 75 hivi na viti 45, na chini ya meza kuna ubao wa pembeni unaoshuka sentimita 8 hadi 10. Ongeza mto wa sentimita 5 na mtu mwenye mapaja manene atagusa ubao huo, na mfupi atabaki miguu inaning'inia. Mto wa mgongoni kwa bibi yule unatakiwa umletee mbele sentimita 7 au 8, na hizo zihesabiwe sponji ikiwa imeshabonyea. Sponji laini hubonyea sana, kwa hiyo chukua ngumu.

Kina kikishakaa sawa, egemeo ndipo linapostahili kuangaliwa. Mezani mtu hukaa namna mbili: anapokula huinama kuelekea sahani, na anapozungumza hurudi nyuma. Kwa hiyo egemeo lilale kidogo tu. Kwa egemeo la sentimita 45 kwenda juu, ncha yake ya juu iwe nyuma ya shina lake kwa sentimita 5 hadi 8. Likilala zaidi ya hapo, kila tonge linakuwa safari. Halafu angalia linakugusa wapi. Panapohitaji kushikwa ni kwenye bonde la kiuno, takriban sentimita 15 hadi 25 juu ya kiti. Viti vingi vya nakshi vina ubao mnene wa juu unaogonga mabega na chini yake hamna kitu. Kaa, rudi nyuma kabisa, kisha ingiza kiganja kiunoni: kikipita bila kugusa chochote, hapo hapana egemeo.

Chini ya egemeo, pale linapokutana na kiti, ningependa uwazi wa sentimita 8 au 10. Makalio hupata pa kuingia, na kiuno ndipo kinapofika kwenye ubao. Uwazi huohuo ndio unaorahisisha usafi. Kiti chenye sponji chini na sponji nyuma hujenga mfereji katikati yake, na humo huangukia wali, makombo ya chapati na matone ya mchuzi. Kitambaa cha kufutia meza hakifiki humo, lakini sisimizi wanafika. Kabla ya kununua, pitisha kidole kwenye mfereji huo. Kidole kikizama hadi kiungo cha kwanza, jua utakuwa unasafisha kwa kijiti.

Kuhusu kifuniko, ngozi bandia hufutika upesi, lakini kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam mapaja hunata jasho kabla chakula hakijaisha, na baada ya muda ngozi hiyo huchubuka kwenye mikunjo. Kitambaa cheupe na manjano ya pilau havikai nyumba moja. Mimi huchagua fremu ya mbao tupu, mninga au mkongo, na sehemu ya kukalia yenye sponji ngumu ya sentimita 3 au 4 iliyovikwa kitambaa kizito cha rangi iliyoiva, bila vifungo wala mishono ya kuinuka. Sehemu hiyo isigundishwe. Mwambie fundi aifunge kwa skrubu nne kutoka chini, ili mchuzi ukimwagika uichomoe, ufute fremu kwa kitambaa chenye unyevu, na siku kitambaa kikichakaa ubadilishe chenyewe bila kugusa kiti.