Swali usilolijua: ujaze au uliache wazi?

Wiki chache zilizopita binti mmoja wa mwaka wa pili alikuja ofisini kwangu hapa Moshi na karatasi yake ya majibu. "Shikamoo mwalimu. Nimejaza maswali yote 60, halafu nimekosa alama moja tu ya kufaulu." Alikuwa na alama 39, na kufaulu kulihitaji 40.

Nimefanya kazi ya kutunga na kusahihisha mitihani kwa miaka mingi, na kisa hiki nakiona kila muhula. Wanafunzi wetu wamekua na mitihani ya kuchagua ambayo jibu baya halikupunguzii kitu, kwa hiyo wamezoea kwamba nafasi haiachwi wazi. Ukibanwa, unahesabu ana ana ana do na kujaza. Kwenye mtihani usiokata alama hilo ni sahihi kabisa. Mtihani wa binti huyu ulikuwa na machaguo manne kwa kila swali: jibu sahihi alama 1, jibu baya unakatwa nusu alama, ukiacha wazi hupati wala hukatwi.

Tulikaa na karatasi yake na penseli, nikamwomba aniambie kila swali alilijibuje. Maswali 38 aliyajua, na yote aliyapata. Maswali 10 aliweza kufuta machaguo mawili, akabaki na mawili na kuchagua mojawapo. Alipata matano na kukosa matano, yaani alama 5 kutoa 2.5, faida ya 2.5. Maswali 12 yaliyobaki hakuyajua hata kidogo. Alipata matatu, akakosa tisa: alama 3 kutoa 4.5, hasara ya 1.5. Angeyaacha haya 12 wazi angekuwa na 40.5, naye angefaulu.

Hakuwa na mkosi. Katika machaguo manne, mtu anayebahatisha hupata wastani wa moja kwa nne, na ndivyo alivyopata.

Hesabu ya kuamua inafanyika kichwani ukiwa hapo hapo kwenye chumba cha mtihani. Hesabu machaguo uliyobaki nayo baada ya kufuta. Moja ni sahihi, mengine ni mabaya. Zidisha idadi ya mabaya kwa alama inayokatwa, kisha linganisha na alama ya jibu sahihi. Kwa mtihani wa binti: yakibaki manne, mabaya ni matatu, mara nusu ni 1.5, zaidi ya alama 1 unayoitafuta, acha wazi. Yakibaki matatu, mabaya mawili mara nusu ni 1, ngoma droo. Yakibaki mawili, unahatarisha nusu kupata moja, jaza.

Ndiyo maana nasisitiza usome maelekezo ya ukurasa wa kwanza kabla ya kugusa swali. Mtihani wa NEET wa India, wa kuingia vyuo vya udaktari, una machaguo manne pia, lakini jibu sahihi ni alama 4 na baya hukata 1. Hapo mabaya matatu yanahatarisha alama 3 kwa 4, kwa hiyo hata kubahatisha tupu kunalipa kwa wastani. Na maswali ya kweli au si kweli yanayokata alama nzima hayalipi chochote mpaka uwe na sababu ya kuegemea upande mmoja.

Hatari kubwa iko kwenye kufuta. Hesabu yote hii inadhani kuwa jibu sahihi bado limo katika yaliyobaki. Tuseme yale maswali 10 binti angeyafuta kwa hisia tu, na katika manne akawa amefuta jibu lenyewe. Yangebaki sita ya kugawana nusu kwa nusu: sahihi 3, mabaya 7, alama 3 kutoa 3.5. Faida yote ingegeuka hasara. Futa chaguo pale tu unapoweza kusema kwa maneno kwa nini si sahihi. "Halinikai vizuri" si sababu.

Droo nayo inategemea ulipo. Ukiwa na uhakika wa alama 45 wakati kufaulu ni 40, iache, huna haja ya kuzihatarisha. Ukiwa na 38, droo ndiyo njia iliyobaki ya kuvuka, basi jaza.

Kujua kama ufutaji wako unaaminika, fanya karatasi ya mazoezi na weka nukta ya penseli kando ya kila swali ulilobahatisha baada ya kufuta. Ukishasahihisha, hesabu zile za nukta peke yake. Mtihani ukikata nusu alama, kila nukta 12 zinahitaji angalau majibu 4 sahihi ili usipoteze kitu. Binti yule alirudi juzi na karatasi mbili za mazoezi: nukta 12, sahihi 7. Nikamwambia aendelee kujaza za namna hiyo, na zile asizozijua kabisa aziache wazi.