Fomula ya kupaka rangi marudio bila kugusa la kwanza

Excel ina kitufe chake cha kuonyesha thamani zinazojirudia, `Duplicate Values`. Tatizo lake ni kwamba huzipaka rangi seli zote zinazofanana: namba ikitokea mara tatu, seli tatu zinang'aa, na ile ya kwanza ambayo ni halali inaonekana mkosaji sawa na wenzake. Anayetaka kusafisha orodha anahitaji kitu kingine: ya kwanza ibaki kama ilivyo, na zinazofuata ndizo zipigwe alama.

Fomula inayofanya kazi hiyo ni fupi:

```
=COUNTIF($A$2:$A2,$A2)>1
```

Siri yote imo kwenye `$A$2:$A2`. Alama ya dola mbele ya 2 ya kwanza inaifunga hiyo namba isisogee. 2 ya pili haina dola, kwa hiyo husogea pamoja na seli inayokaguliwa. Kwenye mstari wa 2 eneo linalohesabiwa ni seli moja tu. Kwenye mstari wa 6 ni `$A$2:$A6`. Yaani kila seli inaulizwa: kuanzia juu mpaka hapa ulipo, thamani yako imeonekana mara ngapi? Haijui lolote kuhusu zilizo chini yake, na ndiyo maana ya kwanza haipakwi kamwe, maana hesabu yake ni 1 daima.

Chukua safu yenye namba hizi kuanzia A2 hadi A7: 4471, 4480, 4471, 4502, 4471, 4480. Hesabu zinatoka 1, 1, 2, 1, 3, 2. Zinazozidi 1 ni A4, A6 na A7, na hizo tu ndizo zinazopata rangi. Ukisahau ile dola, ukaandika `$A2:$A2`, kila seli itajihesabu yenyewe na hakuna kitakachopakwa. Ukizidisha dola, ukaandika `$A$2:$A$7`, unarudi kule kule kwa kitufe cha Excel: hata ya kwanza inapakwa.

Kuiweka, chagua A2 hadi A7 ukianzia juu, kisha `Home`, `Conditional Formatting`, `New Rule`, na `Use a formula to determine which cells to format`. Bandika fomula, chagua rangi. Nasisitiza kuanzia juu kwa sababu Excel huisoma fomula kana kwamba imeandikwa kwa ajili ya seli iliyo hai wakati ule. Kosa ninaloliona zaidi ni mtu kubofya herufi ya safu nzima: hapo seli hai ni A1, fomula inazungumzia A2, na rangi yote inakaa mstari mmoja juu ya pale inapostahili. Ukiona seli iliyopakwa haina pacha wake, lakini ya chini yake anaye, usihangaike na hesabu. Fungua `Manage Rules` urekebishe `Applies to` ianzie A2, na uhakikishe fomula bado inasomeka `$A$2:$A2`.

Kuna hali moja ambayo fomula hii hudanganya kabisa, nayo ni namba ndefu. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Hata ukiziandika namba za tarakimu 16 kama maandishi ili zisiharibike, `COUNTIF` huzigeuza kuwa namba inapolinganisha, na zile zinazotofautiana kwenye tarakimu ya mwisho pekee huhesabika kuwa kitu kimoja. Utafuta kumbukumbu halali ukidhani ni marudio. Kwa safu za namna hiyo tumia ulinganisho wa moja kwa moja:

```
=SUMPRODUCT(--($A$2:$A2=$A2))>1
```

Hii inalinganisha maandishi kama maandishi. Ila seli tupu nazo inaziona zinafanana, hivyo kama safu ina mapengo itazipaka kuanzia la pili. Ongeza sharti:

```
=AND($A2<>"",SUMPRODUCT(--($A$2:$A2=$A2))>1)
```

Fomula zote mbili hazitofautishi herufi kubwa na ndogo, lakini nafasi iliyojificha mwishoni mwa neno inatosha kulifanya liwe neno jingine. Pacha dhahiri asipopakwa, mtuhumiwa wa kwanza ni hiyo nafasi. Pima seli zote mbili kwa `LEN` uone kama urefu unatofautiana.

Na kabla ya kufuta chochote, angalia orodha imepangwaje. "Ya kwanza" hapa ni ile iliyo juu, si ile ya zamani zaidi. Ukiipanga upya safu, rangi inahama papo hapo: kumbukumbu iliyokuwa salama inageuka kuwa marudio. Kama unataka ibaki ya tarehe ya mwanzo, panga kwa tarehe kwanza, ya zamani juu, ndipo ufuate rangi.