Kwa nini unga wa mkate hauumuki: hamira na joto la maji

Unga ukigoma kuumuka, hamira ndiyo inayolaumiwa kwanza. Wakati mwingine inastahili lawama, kwa sababu imekaa wazi kabatini mpaka ikachoka. Lakini mara nyingi hamira ilikuwa nzima kabisa pakiti ilipofunguliwa, ikaharibikia kwenye bakuli kwa sababu ya maji iliyomiminiwa. Au haikuharibika hata kidogo: imepoa tu, na mpishi amekata tamaa mapema.

Hamira ni kuvu wa chembe mojamoja, wadogo mno kuonekana kwa macho. Wakipata maji na sukari huanza kula. Unga wa ngano wenyewe unawapa chakula, maana vimeng'enya vilivyomo huvunja wanga kuwa sukari, kwa hiyo hata usipotia sukari donge litaumuka. Katika kula huko hutoa gesi ya kabonidayoksaidi na alkoholi kidogo. Gesi hunaswa na utando wa gluteni, yaani ile protini ya ngano inayonyumbuka baada ya kukandwa, na donge linavimba. Hivyo kuumuka kunataka vitu viwili: anayetoa gesi, na utando wa kuizuia isitoroke. Hapa tumwangalie huyo wa kwanza, kwa kuwa ndiye anayeyumbishwa na joto.

Chini ya nyuzi 10 hivi hamira karibu inalala. Kati ya nyuzi 24 na 27 inafanya kazi kwa mwendo mzuri, mkate unapata ladha na donge halikuponyoki. Kwenye 35 inakimbia. Ikipita 45 inaanza kuumia, na ikifika 55 hadi 60 inakufa, na iliyokufa haifufuki hata ungeipa sukari kiasi gani. Angalia tofauti iliyopo kati ya ncha hizo mbili: baridi huichelewesha tu, moto huiua. Ndiyo maana mtu asiye na uhakika na maji yake ni heri akosee upande wa ubaridi.

Tatizo ni kwamba maelekezo mengi husema "maji ya uvuguvugu" na kuishia hapo. Mkono unadanganya. Mtu aliyezoea kushika sufuria za moto ataona maji ya nyuzi 50 ni ya kawaida tu. Kipimajoto cha jikoni kinamaliza ubishi, lakini asiye nacho anaweza kuchanganya kwa vipimo: kikombe kimoja cha maji yanayochemka na vikombe vitatu vya maji ya nyuzi 20 hukupa karibu nyuzi 40. Hayo yanatosha kuamshia hamira kavu ya punje kubwa, ambayo hutakiwa kulowekwa kwanza. Tia vijiko viwili vya chai vya hamira na kimoja cha sukari kwenye nusu kikombe cha maji hayo. Ndani ya dakika kumi uso wa maji unatakiwa kufunikwa na povu zito la rangi ya maziwa, lenye harufu ya mkate. Ukiona vijipovu vichache vinavyotoweka, au punje zimetua chini na maji yametulia, usiendelee na unga. Hapo umepoteza hamira tu.

Hamira kavu ikilowekwa kwenye maji baridi nayo ina balaa lake, ambalo wengi hawalijui. Ngozi ya chembe zake, ikiwa bado kavu, hujifunga vizuri inapopata joto. Kwenye maji baridi huvuja, na kinachovuja hulegeza gluteni. Donge linakuwa teketeke, linanata, na gesi inatoka bila kuvimbisha kitu.

Hamira ya papo hapo, ile ya punje ndogo, huchanganywa moja kwa moja na unga mkavu. Hapo maji yanaweza kuwa ya moto zaidi, hata karibu nyuzi 50, kwa sababu unga hunyonya sehemu ya joto kabla halijaifikia hamira vilivyo. Maji hayohayo yakimiminwa juu ya hamira ikiwa peke yake yataiumiza. Kwa hiyo swali la "maji yawe na joto gani" halijibiki mpaka ujue hamira inakutana nayo ikiwa wapi.

Na kuna swali kubwa zaidi, ambalo waokaji wa kazi hulitanguliza: donge lenyewe litakuwa na joto gani baada ya kukandwa? Hilo ndilo hamira itakaloishi nalo kwa saa nzima au zaidi. Wana hesabu nyepesi ya kukadiria. Chukua joto unalotaka, lizidishe kwa tatu, kisha toa joto la unga na joto la chumba. Kinachobaki ni joto la maji. Tuseme unataka donge la nyuzi 26, na unga na chumba vyote viko 22. Tatu mara 26 ni 78. Ukitoa 22 mara mbili unabaki na 34. Sasa chukua jikoni penye nyuzi 30, na unga nao 30. Jibu ni 18, yaani maji ya baridi! Aliyetumia maji ya moto siku hiyo kwa kufuata mazoea atapata donge linaloumuka kwa fujo, linalochacha na kuporomoka kabla halijaingia ovenini. Anayetumia hamira ya kuloweka aiamshe kwanza kwenye maji kidogo ya uvuguvugu, kisha maji yaliyobaki ndiyo yawe baridi. Mashine ya kukandia huongeza joto la msuguano, kwa hiyo punguza nyuzi kadhaa zaidi.

Chumvi na sukari nyingi pia huikaba hamira, hasa zikirundikwa juu yake kabla ya kuchanganya. Ila kwa kiasi cha kawaida, gramu 9 au 10 za chumvi kwa gramu 500 za unga, si hizo zinazoua donge.

Basi saa mbili zimepita na donge la gramu 500 za unga liko vilevile. Kabla ya kulitupa, likate katikati kwa kisu. Ukiona vitundu vidogo ndani, hamira iko hai na donge limepoa: liweke mahali penye nyuzi 28 hivi, kwa mfano ndani ya oveni iliyozimwa pamoja na bakuli la maji ya moto, ulipe saa moja nyingine. Likiwa limeshikamana bila kitundu, kata kipande cha ukubwa wa gololi ukitumbukize kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu. Kitazama. Kikipanda juu baada ya dakika ishirini, kuna gesi inayotengenezwa. Kikibaki chini, hamira imekufa, lakini unga haujaharibika. Amsha gramu 5 za hamira mpya kwenye vijiko vitatu vya maji ya nyuzi 40, ungoje povu, kisha uikande humo. Mwanzoni donge litateleza na kupasuka vipandevipande, na utadhani umelimaliza. Endelea kukanda ukiongeza kijiko cha unga. Baada ya dakika chache litashikana tena, na kuumuka kutaanza upya tangu dakika hiyo.