Maneno 60 hayatoshi: dhana potofu kuhusu programu za kunasa maandishi ya akili mnemba

Dhana: Programu ikikubali kuyapokea maandishi na kutoa asilimia, basi yanatosha kupimwa.

Si kweli, na wanaolipia kosa hili ni watu wa kawaida. Kijana mmoja wa Langoni, hapa Lamu, aliiandikia nyumba moja ya wageni ya Shela maelezo ya Kiingereza ya kuwekwa vyumbani: Ngome, magofu ya Takwa, mikoko ya Manda, matuta ya mchanga. Kila kadi ilikuwa na nafasi ya maneno kama 60. Mwenye nyumba akayapitisha kwenye programu ya kugundua maandishi ya akili mnemba, na kadi ya Ngome ikapewa asilimia 96. “Mwanangu, mashine imeshasema,” akamwambia, na malipo yakasimama.

Mashine haikuwa na la kusema. Programu nyingi za aina hii hupitia neno baada ya neno zikikadiria kila neno lilikuwa rahisi kiasi gani kutabirika kutokana na yaliyotangulia, kisha hutazama wastani. Akili mnemba hupenda maneno yanayotabirika, kwa hiyo wastani wa kutabirika ukiwa juu, mwandishi hushukiwa. Sasa fikiria kadi ya Ngome. Ina mwaka ilipoanza kujengwa na ilipomalizika, kuta nene za mawe ya matumbawe, Mji Mkongwe kuingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Ukimpa mtu mambo hayo na nafasi ya maneno 60, ana njia chache sana za kuyapanga. Yanatabirika kwa sababu ya kazi yenyewe, hata kama yameandikwa kwa kalamu.

Kuna na tatizo la hesabu, na hili ndilo kiini. Chukua sarafu ya shilingi 20 ambayo unashuku imepinda, ikiangukia upande mmoja mara 60 katika 100 badala ya 50. Ukiirusha mara 25, sarafu iliyopinda utaitarajia ianguke upande huo mara 15. Lakini hata sarafu nzima hufikia mara 15 au zaidi karibu mara moja katika kila majaribio 5. Huwezi kuihukumu. Ukirusha mara 100, sarafu nzima hufikia 60 au zaidi mara 3 hivi katika majaribio 100. Ukirusha mara 400, sarafu nzima kufikia 240 ni jambo lisilofika mara moja katika majaribio 10,000. Upindaji ni uleule mwanzo hadi mwisho. Kilichoongezeka ni urefu, na bahati nasibu ikapungua nguvu.

Maneno hufuata mkondo huo, tena kwa ugumu zaidi, maana maneno jirani hutegemeana: ukishaandika “Urithi wa”, “Dunia” halikupi ushahidi mpya. Maneno 60 hubeba ushahidi mchache kuliko idadi yake inavyoonyesha. Ndiyo maana jina moja la mtaa lisilojulikana na programu, au koma iliyoondolewa, huweza kuhamisha matokeo ya kadi fupi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mwenye nyumba angeweza kujionea mwenyewe kwa kubadili maneno mawili na kupima tena. Matokeo yakiruka sana, hicho si kipimo cha kumnyima mtu malipo.

Watengenezaji wenyewe wameshakiri. OpenAI, kampuni ya ChatGPT, ilitoa kipimo chake Januari 2023 ikionya kwamba hakitegemeki kabisa kwa maandishi yasiyofika herufi 1,000, na kwamba hufanya vibaya zaidi nje ya Kiingereza. Katika majaribio yao kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kikawasingizia binadamu kwa asilimia 9. Julai mwaka huohuo wakakiondoa kwa sababu ya usahihi mdogo. Turnitin, inayotumika sana vyuoni kukagua kazi za wanafunzi, ilianza huduma hii kwa sharti la angalau maneno 150, na mwaka huohuo wa 2023 ikalipandisha hadi 300. Kadi ya kijana wetu ni sehemu ya tano ya hapo.

Dhana: Maandishi yakichanganywa, programu itaonyesha hasa ni sentensi zipi za mashine.

Hapa watu hudanganywa na rangi. Wakiona sentensi zimepakwa njano, hudhani kila moja imepimwa peke yake. Sentensi moja ina maneno 15 au 20, nasi tumeshaona urefu huo unabeba nini. Kwa hiyo programu kama Turnitin hupima vipande vya sentensi kadhaa vinavyopishana, halafu kila sentensi hupewa alama kutokana na vipande vilivyoigusa. Sentensi ya binadamu iliyokaa kati ya mbili za mashine huchafuliwa na majirani zake. Turnitin walieleza mwaka 2023 kwamba zaidi ya nusu ya sentensi walizozishuku kimakosa, asilimia 54, zilikuwa zimepakana na sentensi za mashine kwelikweli.

Upande wa pili, mchanganyiko huficha. Rudi kwenye ile sarafu. Tuseme ripoti ina maneno 400, na ya mashine ni 100 tu, aya ya mwisho ambayo mwandishi aliiomba mashine imnyooshee Kiingereza. Katika ile 100 unatarajia 60, na katika 300 zilizobaki 150. Jumla 210. Sarafu nzima kabisa hufikia 210 au zaidi mara 17 hivi katika majaribio 100. Yaani ripoti ndefu yenye robo ya mashine inakupa ushahidi uleule hafifu uliotoka kwenye mirusho 25. Robo ya mchanganyiko haikupunguzia nguvu mara 4. Imekupunguzia urefu wenye maana mara 16. Hata nusu kwa nusu, maneno 400 hushuka hadi thamani ya 100.

Uliza pia asilimia ina maana gani. Programu moja husema “40” ikimaanisha sehemu ya maandishi inayoshukiwa, nyingine ikimaanisha ilivyo na uhakika kwamba yote ni ya mashine. Ni mambo mawili tofauti kabisa, na skrini mara nyingi haikuambii ni lipi.

Dhana: Basi tuunganishe kadi zote ziwe ndefu, tupate ukweli.

Mwenye nyumba alilifikiria hili, na ni wazo la mtu anayetaka kutenda haki. Kadi 10 zikiunganishwa ni maneno 600. Lakini urefu hupunguza kosa la bahati nasibu tu. Kosa linaloegemea upande mmoja haliguswi. Kama Kiingereza cha mtu aliyejifunza shuleni kina msamiati mchache na sentensi zilizonyooka, programu itakishuku kwenye maneno 60, na itakishuku kwenye 600 kwa kujiamini zaidi. Watafiti wa Stanford walijaribu programu 7 mwaka 2023 kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao, na kwa wastani asilimia 61 ya insha hizo ziliitwa za mashine.

Kwa kadi za Shela ningefungua historia ya faili alikoandikia, nione sentensi zilivyofutwa na kurudiwa, kisha nimuulize kuhusu Takwa: kwa nini boti hungoja maji yajae kabla ya kuingia ule mkondo wa mikoko, na kundi likichelewa kurudi hutokea nini. Majibu yake yangenipa ushahidi ambao maneno 60 hayakuwa na nafasi ya kuubeba, na malipo yangeamuliwa kwa hayo.