Cheneli ya `on` upande mmoja, LACP upande wa pili: lupu inatoka wapi

Poti cheneli ni poti mbili au zaidi za swichi zilizofungwa pamoja zihesabike kama poti moja. Kuna njia mbili za kuzifunga. Ya kwanza ni hali ya `on`: unaiambia swichi kwamba poti hizi ni kitu kimoja, nayo inakubali papo hapo bila kuuliza chochote upande wa pili. Ya pili ni LACP, ambapo swichi mbili hutumiana ujumbe kila sekunde 1 au kila sekunde 30, kutegemea mpangilio, na poti haiingii kwenye cheneli mpaka jirani ajibu. Hali ya `active` huanza mazungumzo, `passive` husubiri kuanzwa.

Tatizo linazaliwa swichi A ikiwekwa `on` na swichi B ikiwekwa `active`. B inatuma ujumbe wa LACP, A haijibu kamwe, maana katika hali ya `on` haizungumzi LACP kabisa. Kuanzia hapo swichi hizi mbili haziuoni mtandao kwa namna moja. Kwenye swichi za Cisco Catalyst amri `show etherchannel summary` huonyesha hivi, A kwanza kisha B:

```
1   Po1(SU)    -      Gi1/0/1(P)  Gi1/0/2(P)
1   Po1(SD)    LACP   Gi1/0/1(I)  Gi1/0/2(I)
```

Kistari kwenye mstari wa juu kinamaanisha hakuna itifaki, na `P` kwamba poti zimeshafungwa. Herufi `I` kwenye mstari wa chini ndiyo ya kuogopa: B imekata tamaa ya kumpata jirani, ikaziachia poti zake mbili zifanye kazi kila moja kivyake. Swichi nyingine hazifanyi hivyo. Nexus, kwa mfano, kwa kawaida huzisimamisha poti hizo, unaona `s` badala ya `I`, na `show interface` husema `suspended(no LACP PDUs)`. Hapo A itaendelea kutuma fremu zisizopokelewa na mtu, na mawasiliano yatakatika, lakini lupu haitakuwepo. Kukatika huko ni afadhali sana.

Turudi kwenye `I`. Tuseme seva iko kwenye A, poti Gi1/0/10, na inatuma ulizo la ARP, ambalo ni fremu ya kwenda kwa wote. A inaipitisha kwenye waya mmoja tu wa cheneli, tuseme wa kwanza, kwa sababu kwake waya hizo mbili ni njia moja. B inaipokea kupitia Gi1/0/1 na kuisambaza kwenye poti zake zote nyingine, na Gi1/0/2 ni mojawapo. Fremu inarudi A ilikotoka.

A haitambui kwamba ni fremu yake. Inachoona ni anwani ya MAC ya seva ikiingia kupitia Po1, basi inaandika kwenye jedwali lake kwamba seva iko upande wa Po1. Kompyuta iliyoulizwa inajibu, jibu linafika A kupitia Po1, A inatazama jedwali na kuona mlengwa yuko Po1 hukohuko, inalitupa. Seva ikituma fremu nyingine, jedwali linajisahihisha hadi tangazo linalofuata. Ndiyo maana dalili ya kwanza huwa ni ping inayokatika-katika, na watu wanaanza kubadilisha kebo ambazo hazina kosa lolote.

Fremu hiyo iliyorudi haizunguki bila kikomo. A haiwezi kuirudisha Po1 kwa sababu imeingia kupitia Po1. Cheneli moja yenye kosa hili, peke yake, inaleta nakala za ziada na jedwali lililovurugika, basi. Ndiyo maana kosa linaweza kukaa miezi bila kushikwa.

Sasa chukua jengo ambalo A ni swichi kuu, na kila ghorofa ina swichi yake iliyounganishwa kwa waya mbili. Fundi ameweka `on` kwenye cheneli zote za A, na ghorofani kote kuna `active`. Ghorofa ya kwanza inarudisha fremu, A inaipeleka ghorofa ya pili, nayo inairudisha, A inaipeleka tena ya kwanza. Hiyo ndiyo lupu kamili, na fremu ya Ethernet haina kihesabio cha kuifisha njiani. Kwa ghorofa mbili, nakala mbili za kila tangazo hubaki zikizunguka. Ukiongeza ghorofa ya tatu, kila nakala inayorudi inapelekwa ghorofa mbili nyingine: 3 zinakuwa 6, 6 zinakuwa 12, 12 zinakuwa 24, na kila mzunguko ni sehemu ndogo sana ya sekunde. Mtandao uliovumilia kosa la kwanza unaanguka siku swichi mpya inapochomekwa, na lawama inaangukia swichi hiyo mpya.

Na STP je, si kazi yake kuzuia lupu? Hapa inapofushwa. A ikiwa ndiyo mzizi, yaani swichi ambayo STP imeichagua kuwa kiongozi, inatuma BPDU, ujumbe wa STP, kwenye waya mmoja wa cheneli. Waya wa pili, B haisikii BPDU yoyote, hivyo inaona hakuna sababu ya kuifunga Gi1/0/2. Swichi za Cisco zina ulinzi, `spanning-tree etherchannel guard misconfig`, ambao umewashwa tangu mwanzo. Unafanya kazi A inapopokea kwenye cheneli moja BPDU zenye anwani tofauti za mtumaji, jambo linalotokea hasa B ikiwa ndiyo mzizi. Hapo poti za A zinazimwa na logi huandika `CHNL_MISCFG`. A ikiwa mzizi, BPDU za B zinakuja kwa waya mmoja tu, na ulinzi huo unaweza usishtuke. Kwenye Rapid PVST+, toleo la haraka la STP la Cisco, A inaweza kuugundua mgongano huo kwa njia nyingine na kuifunga Po1 nzima, ila kwenye PVST+ ya zamani usitegemee hilo.

Kuhakiki, ingia B na uandike `show lacp counters`. Idadi ya zilizotumwa ikipanda huku zilizopokelewa zikibaki 0, upande wa pili hauzungumzi LACP. Kwenye logi za B utaona pia `MACFLAP_NOTIF`, anwani moja ikiruka kati ya Gi1/0/1 na Gi1/0/2.

Mtandao ukiwa umeshalemewa, chomoa kwanza waya mmoja wa kila cheneli. Lupu inakufa hapo hapo. Kisha rekebisha A, ikiwezekana kwa kebo ya konso, maana ukiingia kupitia cheneli hiyohiyo utajifungia nje:

```
interface range GigabitEthernet1/0/1 - 2
 shutdown
 no channel-group
 channel-group 1 mode active
 no shutdown
```

Rudisha waya, na pande zote mbili zionyeshe `LACP` na `P`. Usiweke `passive` pande zote mbili, kila mmoja atamsubiri mwenzake.

Kabla ya kubadilisha, uliza kwa nini `on` iliwekwa. Swichi ya kawaida ya VMware ESXi, ile isiyo `Distributed`, haijui LACP, na ikitumia mpangilio wa IP hash inataka `on` upande wa swichi halisi. Cheneli ya namna hiyo iache ilivyo.