Karibu ya mdomo na karibu ya mabega

Kazi yangu ni kuchunguza mazungumzo ya ana kwa ana, na swali ninaloulizwa zaidi ni hili: nikikuta watu wamezama kwenye maneno, naingiaje bila kuwakata kauli na bila kusimama pembeni kama mdai? Hapa Tanga pa kujifunzia ni vibaraza vya kahawa vya Ngamiani, jioni.

Tuseme wanaume wanne wamekaa, wawili kwenye benchi na wawili barazani. Mzee mmoja anasimulia Coastal Union ilivyochukua ubingwa wa ligi mwaka 1988. Amefika patamu. Wewe ni kijana, unawafahamu wawili kati yao, na unakuja kutoka upande wa barabara.

Adam Kendon, mtafiti aliyetumia miaka mingi kutazama watu wanavyosimama na kukaa wakizungumza, alionyesha kwamba wazungumzaji huacha nafasi tupu katikati yao, wote wakiielekezea kifua. Nafasi ile ni yao. Nyuma ya migongo yao kuna ukanda mwingine, na mgeni husubiri hapo kwanza. Kwa hiyo usiikate ile nafasi ya katikati kumfuata unayemjua, wala usitokee nyuma ya msimuliaji. Pita mahali ambapo wengi watakuona, kisha simama hatua moja nyuma ya mmoja wa wasikilizaji, aliye ukingoni. Msimuliaji ana kazi. Msikilizaji ndiye anayeweza kukupisha bila hadithi kusimama.

Hapo ndipo penye mtego wetu sisi watu wa pwani. Kufika kimya ni utovu wa adabu, lakini salamu ikishatoka lazima ijibiwe. Ukitoa "Assalamu alaikum" mzee akiwa katikati ya sentensi, umewalazimisha wote wanne kuiacha hadithi. Ukiongeza kumpa kila mmoja mkono na shikamoo yake, hadithi imekwisha kabisa. Dawa ni kuigawa salamu mara mbili. Kwanza ile ya mbali, ya macho na mkono kifuani, isiyodai jibu la sauti. Ile ya mdomo iweke mpaka kituo kifike: watu wamecheka, au muuza kahawa ameinamisha dele na vikombe vinapokewa. Hapo "Assalamu alaikum, shikamooni wazee" moja ya wote inatosha. Mikono itafuata baadaye, au isifuate.

Watajibu, na mtu atasema karibu. Usiitegemee hiyo peke yake, maana mtu wa Tanga atamkaribisha hata asiyemtaka. Tazama mwili. Kichwa kikigeuka huku mabega na miguu vimebaki vilipokuwa, umetambuliwa tu. Mtu akisogea kwenye benchi, au akageuza goti hata nafasi ikafunguka, umepokewa. Kaa mara moja, usingoje kuambiwa tena. Ikiwa walikuwa wameinamiana vichwa kwa sauti ya chini na wakanyamaza ulipotokea, ile karibu ni ya heshima. Jibu "starehe, napita", uende zako.

Ukishakaa, usiulize "mnazungumza nini?" Swali hilo linamrudisha mzee mwanzo, na wenzake wameshayasikia. Cheka wanapocheka, itikia "ehee", na kama umepotea muulize jirani kwa sauti ya chini. Mara nyingi jirani ataanza kuzungumza nawe peke yako. Si kwamba umetengwa: mazungumzo yakipita watu wanne hivi, huwa yanajigawa yenyewe, na wewe ndiye wa tano.

Kauli yako ya kwanza kwa wote inataka wakati wake. Waoga hukosea hapa kwa kungoja kimya. Kimya hicho hakiji. Utafiti wa lugha 10 uliochapishwa mwaka 2009, uliotazama maswali na majibu yake, ulikuta kwamba kwa wastani pengo kati ya msemaji na anayemjibu ni kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Anayejibu huwa ameshajua sentensi inaishia wapi kabla haijaisha. Nawe sikiliza sauti inaposhuka kuelekea mwisho, vuta pumzi, anza na neno dogo la kukushikia nafasi, "eti" au "lakini mzee", kisha swali linalogusa jambo la mwisho lililosemwa: "Lakini mzee, siku hiyo Mkwakwani palijaa?"

Ila msimuliaji akiwa bado njiani, kituo cha sentensi si mlango. Aliyeanza na "ngojeni niwaambie" amepewa ruhusa na wenzake kushika zamu ndefu, na sentensi zake zote za katikati ni mali yake. Subiri goli liingie, wacheke au wabishe. Katika ubishi huo watu wawili watatu husema kwa pamoja bila yeyote kukasirika, na hata sauti ngeni haihesabiwi kuwa imekatiza.